Video iliyokwama kwenye ukaguzi wa hakimiliki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapiga video wengi wa sherehe hapa Moshi, wakiona video waliyoipandisha YouTube imebaki kwenye hatua ya "Checks", husema kwamba chaneli imeadhibiwa. Si hivyo. Katika hatua hiyo mfumo uitwao Content ID unalinganisha sauti na picha za video na nakala ambazo wenye haki wameziwasilisha. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua dakika chache, ingawa sherehe ya saa nzima husubiri zaidi. Kuifuta video na kuipandisha upya hakuharakishi lolote, kwa sababu ukaguzi huanza mwanzo.

Inaaminika pia kwamba wimbo wa chini ya sekunde kumi hauna shida, au kwamba ukimtaja msanii kwenye maelezo umejikinga. Hakuna kanuni ya sekunde, na kumtaja mtu si kupewa ruhusa. Vilevile, kuununua wimbo ili kuusikiliza hakukupi haki ya kuutumia kwenye video.

Tuchukue sendofu ya dakika 42, ambayo didjei alipiga wimbo wa bongo fleva kuanzia dakika ya 12 hadi ya 15, na maiki ya kamera ikaunasa pamoja na vigelegele. Makelele hayo huwa hayauzuii mfumo kuutambua wimbo. Dai la hakimiliki likitokea, mwenye haki anaweza kuizuia video, kuifuatilia tu, au kuchukua mapato ya matangazo, na akichagua mapato, kwa kawaida huchukua ya video yote wala si ya zile dakika tatu. Wengi huliita dai hilo "straiki", jambo linalowatia hofu bure: straiki hutokana na ombi la kisheria la kuiondoa video, na ni straiki tatu ndani ya siku 90 zinazoweza kuifunga chaneli.

Mpiga video huyo anaweza kuunyamazisha wimbo, kuubadilisha au kukikata kipande hicho ndani ya YouTube Studio bila kupandisha upya, na dai huondoka. Kwa sendofu ningechagua kunyamazisha, maana ukikata unaweza kuipoteza pia picha ya mama wa bibi harusi akiingia ukumbini.

Akiwa na ruhusa ya maandishi, aweke pingamizi. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha kwa kuchelewa: pingamizi likiwekwa ndani ya siku 5 tangu dai, YouTube hushikilia mapato tangu siku ya kwanza ya dai hadi uamuzi upatikane, likichelewa, hushikiliwa kuanzia siku lilipowekwa. Mdai ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza, dai hufutika.

Hata alama ya kijani mwishoni mwa ukaguzi si hati ya kudumu, kwani mwenye haki anaweza kuwasilisha nakala yake baadaye, na video ya mwaka jana ikapata dai leo.