Dhahabu Ikivuka Kilele cha Kihistoria: Pa Kuingilia, na Pa Kukubali Kwamba Imeshindikana

Maswali tunayopokea kila bei ya dhahabu inapoweka rekodi mpya hufanana. Mtu anatazama chati ya XAUUSD, yaani bei ya wakia ya dhahabu kwa dola, haoni kilele kingine juu ya bei ya leo, anauliza: kama hakuna kizuizi mbele, kwa nini nisinunue sasa hivi?

Tuanze na kizuizi chenyewe. Januari 1980 wakia moja ya dhahabu ilifika dola 850 mjini London, kisha bei ikaporomoka. Aliyenunua siku zile alibaki na hasara kwenye vitabu vyake hadi Januari 2008, bei ilipofika tena hapo. Mtu wa namna hiyo, akiona fedha yake imerudi, mara nyingi anauza na kushukuru Mungu. Wakiwa wengi, mauzo yao huzuia bei kila inapokaribia pale walipokwamia. Ndiyo maana vilele vya zamani huwa vigumu kupita, na ndiyo maana bei ikiwa juu kuliko ilivyowahi kuwa, kundi hilo halipo: kila mwenye dhahabu ana faida, hakuna anayesubiri kutoka bila hasara.

Hapo ndipo wengi wanapoishia kufikiri. Kukosekana kwa waliokwama hakumaanishi kukosekana kwa wauzaji. Mwenye faida naye anauza. Migodi huuza mapema, kwa bei ya leo, dhahabu ambayo bado haijachimbwa. Watu huondoa mikufu ya zamani kabatini na kuipeleka kwa sonara. Namba za mviringo, kama 2,000 au 2,500, nazo huvuta maagizo ya kuuza hata kama bei haijawahi kufika hapo. Jambo la kuogopa zaidi liko chini, si juu: bei ikivuka kilele kisha ikarudi, walionunua kwa bei ya rekodi ndio wanaokuwa waliokwama wapya. Kizuizi kilichokuwa hakipo asubuhi kinaweza kuwepo jioni.

Mfano mzuri ni dola 2,075. Bei tunazotaja ni za soko la papo kwa papo na kwa makadirio, kwa hiyo kwenye skrini ya dalali wako zinaweza kupishana kidogo. Agosti 2020 dhahabu ilifika karibu na bei hiyo ikarudi. Machi 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ilifika 2,070 ikarudi. Mei 2023 ilifika tena eneo hilo hilo, ikarudi. Kwa miaka mitatu na zaidi kilele kilikuwa ukanda wa 2,070 hadi 2,080. Neno ukanda ni la makusudi, kwa sababu anayechora mstari mmoja mwembamba na kuuamini hadi dola ya mwisho atadanganywa na soko mara kwa mara.

Ijumaa ya tarehe 1 Desemba 2023 bei ilifunga wiki karibu na 2,072. Wengi waliweka maagizo ya kusubiri, yanayojitekeleza yenyewe bei ikifika, ya kununua juu kidogo ya ukanda, wakaenda kulala. Soko la Asia lilipofunguliwa, kwa saa za Afrika Mashariki ikiwa bado ni usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 4, bei iliruka hadi karibu 2,135. Saa zile wafanyabiashara sokoni ni wachache, na agizo dogo linaweza kusukuma bei mbali. Maagizo ya kununua yaliamka, yakaisukuma juu zaidi, pamoja na stop losi za waliokuwa wameuza, yaani maagizo ya kufunga biashara kabla hasara haijakua, ambayo kwa muuzaji ni kununua. Waliposhiba wote, hakukuwa na mnunuzi nyuma yao. London ilipofungua bei ilikuwa tayari imeshuka sana, na siku ilifungwa karibu na 2,029, chini ya bei ya Ijumaa.

Mshumaa wa siku ile, yaani alama inayoonyesha kwenye chati mwendo wa bei wa siku nzima, unastahili kutazamwa kwa utulivu. Utambi wake wa juu, mstari mwembamba unaofika bei ya juu kabisa, ni mrefu, mwili umefungwa karibu na chini, na kati ya juu na chini kuna zaidi ya dola 100. Kila aliyenunua juu ya 2,080 alilala na hasara usiku ule. Wiki iliyofuata bei iligusa chini ya 1,980. Kushindwa kule kulijitangaza ndani ya saa chache, na alama yake ilikuwa moja: bei ilifunga siku chini ya ukanda iliodai kuwa imeuvuka.

Miezi mitatu baadaye ukanda ulivukwa kweli, na hapakuwa na kelele nyingi. Ijumaa tarehe 1 Machi 2024 takwimu za viwanda vya Marekani zilitoka dhaifu, matumaini ya riba kushuka yakaongezeka, na dhahabu ikafunga karibu na 2,083, jirani na bei yake ya juu ya siku ile. Jumatatu ilifunga karibu 2,114. Jumanne karibu 2,128. Kila siku ilifunga juu ya iliyotangulia. Nyuma yake kulikuwa na mnunuzi asiye na haraka: benki kuu za nchi mbalimbali zilikuwa zimenunua zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka katika 2022 na tena katika 2023. Benki kuu haikimbii kwa sababu bei imeshuka dola 20.

Kuingia, basi, kunaanzia kwenye bei ya kufunga, si kwenye bei iliyoguswa. Ushauri wetu kwa asiyekaa mbele ya skrini kutwa nzima ni kuachana na agizo la kusubiri juu ya kilele, angoje siku ifungwe juu ya ukanda mzima, kisha anunue siku inayofuata ikiwa bei bado iko juu yake. Analipa bei ya juu kidogo, ni kweli. Dola 30 hivi za ziada ndizo gharama ya kutokuwepo kwenye tukio kama la tarehe 4 Desemba.

Wapo wanaofundisha kwamba usinunue hadi bei irudi kukipima kilele cha zamani kutoka juu. Ni njia nzuri pale bei inaporudi. Machi 2024 haikurudi: ilipanda hadi karibu 2,195 tarehe 8, ikapumzika, na katika mapumziko hayo haikukaribia hata 2,100. Aliyesubiri 2,080 alibaki nje. Kwa hiyo tunaona ni busara zaidi kununua nusu baada ya kufunga juu, na nusu nyingine aidha bei ikirudi kupima na kusimama, au ikipumzika kwa juu kisha ikaendelea. Katika mfano huu mapumziko yalikuwa kati ya 2,145 na 2,195, na yalivunjwa kwenda juu tarehe 21 Machi.

Sasa hesabu, ambayo wengi huiruka. Tuseme umenunua kwa 2,115. Stop losi inakaa mahali ambapo bei ikifika, wazo lako halina tena maana, yaani chini ya ukanda wote: tuseme 2,060. Umbali ni dola 55 kwa wakia. Kwa madalali wengi kipimo kidogo kabisa ni loti 0.01, ambayo kwa dhahabu ni wakia moja. Maana yake ukikosea unapoteza dola 55 pamoja na spredi, ile tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Ukitaka hasara hiyo isizidi asilimia moja ya mtaji wako, unahitaji akaunti ya dola 5,500, na hiyo ni kwa ingizo moja dogo kabisa, bila hata kuzungumzia nusu ya pili. Mwenye dola 500 akifungua ingizo hilo hilo ameweka asilimia 11 ya mtaji kwenye jaribio moja.

Njia ambayo wenye mitaji midogo huichukua ni kusogeza stop losi iwe dola 10 tu chini ya walipoingilia. Hesabu inakaa vizuri, lakini soko halijui mtaji wako. Dhahabu hutembea dola 10 wakati unakunywa chai. Utatolewa, bei itaendelea kupanda bila wewe, na hakuna lililoshindikana isipokuwa mahali ulipoweka stop losi. Kama umbali wa kweli haukubaliani na mtaji wako, biashara hiyo si ya kwako kwa sasa, na kuna njia nyingine za kumiliki dhahabu bila mkopo wa dalali.

Kushindwa hakujionyeshi kwa haraka kila mara, na mfano wa 2020 ndio mgumu zaidi kuusoma. Rekodi ya 2011, karibu dola 1,920, ilivunjwa mwishoni mwa Julai 2020. Agosti 7 bei ikafika 2,075. Agosti 11 ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja na kufunga karibu 1,911, chini ya kilele cha zamani. Aliyefuata kanuni ya bei ya kufunga alitoka siku ile, kisha akaona bei ikirudi juu ya 2,000 wiki iliyofuata. Wengi walijilaumu kwa kutoka mapema. Lakini tazama vilele vilivyofuata: karibu 2,015 katikati ya Agosti, kisha karibu 1,965 mapema Novemba. Kila kupanda kulikuwa kufupi kuliko kwa kabla yake. Waliokwama kwa juu walikuwa wakitumia kila nafuu kuuza. Tarehe 9 Novemba, habari za chanjo ya korona zilipotoka, bei iliporomoka, na kufikia Machi 2021 ilikuwa chini ya 1,700.

Kwa hiyo baada ya kuingia tunatazama mambo mawili. La kwanza ni kama siku imefungwa chini ya ukanda. Hapo unatoka, hata kama stop losi haijaguswa. La pili ni pale bei inaposhuka kisha ikapanda tena: je, inazidi kilele chake cha mwisho, au inaishia chini yake? Ikiishia chini mara mbili mfululizo, punguza ulichoshika, hata kama bado una faida.

Kushuka peke yake hakutoshi kuwa dalili. Tarehe 12 Aprili 2024 dhahabu ilifika karibu 2,431 na siku hiyo hiyo ikafunga karibu 2,344, mshumaa wenye utambi mrefu unaotisha kama ule wa Desemba. Katika wiki zilizofuata ilishuka zaidi, lakini haikufika chini ya 2,270, karibu dola 200 juu ya ukanda iliouvuka. Aliyekuwa ameshapandisha stop losi yake hadi chini ya mapumziko ya Machi, tuseme 2,140, hakuguswa. Mei 20 bei ilizidi kilele cha Aprili.

Na aliyepigwa Desemba? Aliyenunua kwa 2,085 na stop losi ya 2,060 alipoteza dola 25 kwa wakia. Alipaswa kuusoma ukanda ule ule upya mwezi Machi kama mtu ambaye hakuwahi kuumizwa nao, kwa sababu kushindwa kwa jaribio moja hakukuwa kumemaliza mwelekeo: kufikia mwisho wa Desemba bei ilikuwa tayari imerudi kugonga 2,080.