Hatua 180 kwa dakika si dawa ya kila mkimbiaji

Wakimbiaji wengi wanaokuja kliniki yetu ya tiba ya viungo hawaji na maumivu. Wanakuja na namba. Saa imewaambia kwamba wanapiga hatua 164 kwa dakika, nao wamesikia kwamba mkimbiaji mzuri hupiga 180, basi wanataka kujua wafanye nini wafike huko. Wengi wao nawarudisha nyumbani bila kuwabadilisha chochote. Wachache nawaongezea hatua, tena si kwa ajili ya kufika 180.

Namba hiyo ilienea kutokana na kazi ya Jack Daniels, kocha na mwanasayansi Mmarekani, aliyehesabu hatua za wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 1984. Karibu wote walikuwa kwenye 180 au zaidi. Hesabu ilikuwa sahihi, ila wale walikuwa wanashindana, wanakwenda mbio ambazo wengi wetu hatuwezi kuzishika hata kwa dakika mbili. Mtu akiongeza mbio, hatua zake huongezeka zenyewe. Mwanariadha yuleyule akikimbia polepole siku ya mapumziko, hesabu yake hushuka. Kuchukua namba ya mashindano na kuidai kwenye mbio za taratibu ni kulinganisha vitu viwili tofauti. Urefu wa mtu nao una sehemu yake: mwenye miguu mirefu kwa kawaida hupiga hatua chache kidogo kuliko mfupi anayekimbia kando yake.

Kasi ya mbio zako hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, idadi ya hatua kwa dakika na urefu wa kila hatua. Kwa hiyo ukiongeza idadi huku ukibaki kwenye mbio zilezile, lazima kila hatua ifupike. Huko kufupika ndiko kunakotibu. Mguu unatua karibu zaidi na mwili, goti linakuwa limekunjwa kidogo linapopokea uzito, na mwili haupandi na kushuka sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima wakimbiaji 45 wenye afya. Walipoongeza hatua kwa asilimia 5 tu, nishati ambayo goti lilifyonza katika kila hatua ilipungua kwa takriban moja ya tano. Kwa asilimia 10, ilipungua kwa takriban theluthi, lakini hapo wakimbiaji walianza kuhisi kwamba wanajitahidi zaidi.

Nieleze kwa mgonjwa mmoja. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaumwa nyuma ya kilegesambwa kuanzia kilomita ya nne, na akishuka ngazi baadaye anashika ukuta. Tulimweka kwenye mashine ya kukimbilia kwa kilomita 10 kwa saa na kumrekodi kwa simu kutoka ubavuni. Tuliposimamisha picha pale mguu unapogusa tu, kifundo cha mguu kilikuwa mbele kabisa ya goti, muundi umelala kuelekea nyuma, goti karibu limenyooka. Alikuwa anaurusha mguu mbele na kuutua kama breki. Watu wengi wakitazama picha kama hiyo hutafuta kisigino, wakidhani kutua kwa kisigino ndiyo kosa. Wakimbiaji wengi wazuri hutua kwa kisigino. Kinachotazamwa ni umbali kati ya mguu na mwili, na jinsi muundi ulivyolala.

Alikuwa anapiga hatua 156 kwa dakika. Kwa mwendo ule alikuwa anasafiri mita 167 kila dakika, kwa hiyo kila hatua ilikuwa na mita 1.07. Tukampandisha asilimia 5, hadi 164. Hatua ikawa na mita 1.02. Sentimita tano tu! Mtu anayemtazama barabarani asingeona tofauti, lakini ilitosha kuurudisha mguu chini ya goti. Wapo wanaouliza kama hatua nyingi zaidi si mzigo zaidi. Kwa kilomita moja aliongeza hatua 48, yaani asilimia 5, huku mzigo wa goti kwa kila hatua ukipungua kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Hesabu inabaki upande wake.

Namna ya kufanya ni rahisi, ila kuna mtego. Kwanza hesabu hatua zako za kweli: hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Baadhi ya saa huhesabu mguu mmoja tu, na mtu akiona 82 anashtuka bila sababu. Kisha weka simu ipige mdundo wa kiwango kipya, ukimbie nao dakika moja, uuzime dakika moja, kwa dakika kumi hivi, mara kadhaa kwa wiki. Mtego ni mbio. Mdundo ukiharakisha, mwili unataka kwenda mbio zaidi badala ya kufupisha hatua, na faida yote inapotea. Ndiyo maana napenda kuanzia kwenye mashine, ambako mbio hazibadiliki. Nje, tazama muda wa kila kilomita. Ukiona umepungua, unaongeza mbio, wala huponi. Mgonjwa wangu tulimpunguzia pia kilomita za wiki, kwa sababu shavu la mguu huchoka mtu anapobadili mwendo. Wiki ya pili alilalamikia shavu, si goti. Tukapunguza kidogo, likatulia. Wiki ya sita alimaliza kilomita zake nane bila goti kumsumbua, na mdundo ulikuwa umezimwa.

Sasa turudi kwa yule wa 164 asiye na maumivu. Nikimrekodi, mguu unatua vizuri, goti limekunjwa, na hakanyagi kwa kishindo. Ni mrefu, na anakimbia taratibu. Hapo sina cha kurekebisha. Mkimbiaji aliyezoea kukimbia huwa ameshajipatia mwenyewe idadi ya hatua iliyo karibu na ile inayomtumia nguvu kidogo zaidi. Ukimlazimisha aruke hadi 180, ambayo ni karibu asilimia 10 zaidi, atapumua kwa nguvu zaidi katika mbio zilezile. Wala hatakuwa na mbio zaidi, maana kila hatua imefupika.

Kuna kundi ambalo nakuwa nalo makini zaidi: wenye maumivu ya kano ya kisigino au ya shavu la mguu. Mtu anapojilazimisha hatua za haraka mara nyingi huanza kutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo bila kujijua, na mzigo unaotoka kwenye goti unahamia kwenye kano. Nimewaona waliofuata ushauri wa 180 kwa sababu ya goti lililouma kidogo, wakaja baada ya mwezi wanachechemea asubuhi kwa sababu ya kano. Kama unaumia hapo, usiguse hatua zako kabla ya kupimwa.

Na hata kama goti ndilo linalouma, piga kwanza video. Mguu wako ukiwa tayari unatua karibu na mwili, maumivu yana chanzo kingine, na mara nyingi nikikipekua nakikuta kwenye daftari la mazoezi: kilomita zilizoongezwa kwa pupa wiki tatu zilizopita, au miteremko iliyoingizwa ghafla. Hapo kinachopunguzwa ni kilomita, na hatua zinaachwa zilivyo.