Quruu tatu: neno moja, maana mbili, na tanbihi isiyoeleweka

Sura ya Al-Baqara, aya ya 228, inamtaka mwanamke aliyepewa talaka angoje *quruu* tatu. Umoja wake ni *qur-u*, na Waarabu wenyewe walilitumia neno hilo kwa hedhi na pia kwa twahara, yaani siku ambazo mwanamke hana hedhi. Ni katika yale maneno ambayo wanalugha wa Kiarabu huyaita *adhdad*: neno moja lenye maana mbili zinazopingana. Mfasiri akifika hapo hana njia ya kupita pembeni. Desturi nzuri ni kuchagua maana moja, kuiandika katika matini, na ile nyingine kuiweka katika tanbihi chini ya ukurasa. Lakini desturi hiyo imezungukwa na mambo mengi yanayoaminika bila kuchunguzwa.

Dhana: mwaminifu huziweka maana zote ndani ya matini.

Ndipo tunapopata “hedhi/twahara tatu”. Inaonekana kama uadilifu, ila hakuna mwanachuoni hata mmoja aliyeisoma aya hivyo. Kila aliyeisoma alishika moja. Wa Shafi na wa Maliki wameshika twahara. Wa Hanafi, pamoja na kauli mashuhuri ya wa Hanbali, wameshika hedhi. Alama ile ya mkwaju inazaa sentensi ambayo haikusemwa na yeyote.

Wengine hukimbilia neno la jumla. “Miezi mitatu” ndilo kosa baya zaidi, kwa sababu miezi mitatu imetajwa kwingine, katika Sura ya At-Talaq aya ya 4, kwa wanawake wasiopata hedhi. Ukiiandika hapa umefuta tofauti ambayo Kurani yenyewe imeiweka.

Dhana: tofauti ni ya wasomi tu, msomaji wa kawaida haimhusu.

Tuhesabu. Mwanamke amepewa talaka rejea akiwa katika twahara. Siku hiyo tuiite ya 1. Hedhi yake huchukua siku 6 na hurudi kila baada ya siku 28. Ya kwanza inaanza siku ya 11, ya pili siku ya 39, ya tatu siku ya 67.

Kwa wanaohesabu twahara, kile kipande cha siku ya 1 hadi ya 10 kinahesabika kuwa twahara ya kwanza, hata kama ni kifupi. Ya pili ni siku ya 17 hadi ya 38, ya tatu ni siku ya 45 hadi ya 66. Hedhi ikitoka siku ya 67, eda imekwisha. Kwa wanaohesabu hedhi, eda haijesha mpaka hedhi ya tatu ikatike, yaani mwisho wa siku ya 72, na wapo wanaoongeza sharti la kuoga.

Siku sita. Mume akisema siku ya 69 kwamba amemrejea mkewe, kwa kauli moja huyo bado ni mke wake na kwa nyingine amechelewa, itabidi aoe upya kwa ridhaa yake na mahari mapya. Kama mwanamke naye ameolewa na mwingine siku ya 70, mambo ni mazito zaidi. Tanbihi ya mistari mitatu ndiyo inayomwambia msomaji kwamba jambo hili lina kauli mbili na kwamba aende akaulize.

Dhana: sarufi ikichunguzwa vizuri, maana moja itajitokeza.

Mara nyingine hujitokeza, hapa hapana. Hoja maarufu ni ya hesabu: Kiarabu husema *thalathata quruu*, na umbo hilo la “tatu” huambatana na nomino ya kiume. Neno la twahara, *tuhr*, ni la kiume. La hedhi, *haidha*, ni la kike. Kwa hiyo, wanasema, ni twahara. Hoja nzuri, mpaka ukumbuke kwamba *qur-u* lenyewe ni la kiume kwa umbo, liwe na maana yoyote. Hesabu imefuata neno lililotajwa, si neno tunalolikisia nyuma yake. Ndiyo maana chaguo la mfasiri hapa ni chaguo, na anapaswa kusema katika dibaji anachagua kwa kanuni gani: madhehebu ya wasomaji wake, kauli ya wengi, au nyingine. Mradi asiibadilishe kila sura.

Dhana: Kiswahili kimekopa Kiarabu, basi lile lile neno likibaki limebeba maana zake zote.

Huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote, maana haufanani na mtego. Kiswahili hukopa neno, lakini mara nyingi huchukua chumba kimoja tu cha nyumba nzima. *Fitna* ya Kiarabu ina asili ya kuitia dhahabu motoni ili ijulikane. Kutoka hapo likaja jaribio, mateso ya kumtoa mtu katika dini yake, shirki, machafuko. Fitina yetu ni uchongezi na kugombanisha watu. Sasa mfasiri akiandika kwamba “fitina ni mbaya zaidi kuliko kuua” katika Al-Baqara aya ya 191, msomaji anaelewa kwamba umbea ni mbaya kuliko kumwaga damu. Aya hiyo inazungumzia vita na watu waliotolewa majumbani mwao. Hapo ningeandika “kuwatesa watu kwa ajili ya dini yao”, na katika tanbihi niweke “au: shirki”, kwa kuwa wafasiri wengi wa zamani wameisoma hivyo. Na ningeongeza neno moja la onyo: si fitina ya Kiswahili.

*Quruu* nayo ina mtego wake mdogo. Ukiandika “tohara tatu”, wapo watakaofikiria jando kwanza. Andika “twahara”, au eleza kwa urefu: “vipindi vitatu vya kutokuwa na hedhi”.

Dhana: kila maana iliyomo katika kamusi inastahili tanbihi.

*Ayn* ni jicho, chemchemi, jasusi, na mengine. Katika Al-Ghashiya aya ya 12 imetajwa *ayn* “inayotiririka”. Hakuna jicho hapo wala jasusi, ni chemchemi, na tanbihi ingekuwa maonyesho ya kamusi. Mimi hujiuliza maswali matatu: je, maana hii inakaa katika sentensi hii? Kuna mwenye uzito aliyeisoma hivyo? Ikishikwa, kuna kitu kinabadilika kwa msomaji? Jibu la “hapana” likitokea mara moja, naiacha.

Tanbihi yenyewe isiwe darasa. Namba ikae ubavuni mwa neno, si mwisho wa aya, na maana mbadala iandikwe kwa umbo linaloweza kuingizwa katika sentensi bila kubadilisha kitu kingine. Mfano:

> *Quruu*. Au: “hedhi tatu”. Neno hutumika kwa hedhi na kwa twahara. Wa Shafi na wa Maliki wameshika twahara. Wa Hanafi, na kauli mashuhuri ya wa Hanbali, hedhi. Kwa kauli ya pili eda huisha baadaye.

Angalia kwamba hakuna “labda” wala “huenda”. Wengi hudhani tanbihi ni ungamo la mfasiri kwamba hajui. Yapo maneno ambayo kweli hatujui maana yake, na hayo yaandikiwe waziwazi: “maana haikuthibitika”. *Quruu* si la aina hiyo. Maana zake zote mbili zinajulikana vizuri sana; kinachogombewa ni ipi iliyokusudiwa, na msomaji ana haki ya kujua yuko mbele ya tatizo la aina gani.