Ulilomwambia wakili na alilolisikia barazani

Wengi wanaokuja kwetu kutaka msaada wa kisheria, Unguja na Pemba, huuliza kabla hawajakaa sawa: "Haya nitakayosema yatabaki hapa?" Tunawajibu ndiyo, na mara nyingi jibu hilo linatosha. Lakini ndani ya "ndiyo" hiyo mna mambo mawili tafauti, na kesi inapochacha ndipo mtu anapogundua kwamba moja linasimama mbele ya jaji na jingine halisimami.

Moja ni wajibu wa wakili wa kutunza siri za mteja wake. Huu ni wajibu wa maadili ya kazi, na wakili akiuvunja hushitakiwa mbele ya wanaosimamia nidhamu ya mawakili. La pili ni kinga ya mazungumzo baina ya wakili na mteja. Kinga hii imo katika sheria ya ushahidi, nayo inamzuia hata jaji asimlazimishe wakili kusema. Tuyaone yote mawili katika mfano wa kubuni, wa aina ambayo Pemba haitashangaza mtu.

Baba amefariki, ameacha shamba la mikarafuu upande wa Wete na watoto wanne. Mkubwa wao anatoa hati ya hiba inayosema kwamba marehemu alimpa yeye shamba lote alipokuwa hai. Wadogo zake wanasema saini ile si ya baba. Mkubwa anakwenda kwa wakili Chake Chake, anafunga mlango na kumwambia kweli yake: saini aliitia mwenyewe, baba akiwa ameshazikwa, na sasa anataka mtu wa kumtetea. Anamwachia hati ile na daftari la mauzo ya karafuu la miaka ya nyuma. Siku chache baadaye wakili anakunywa kahawa barazani, na jirani mmoja, bila kujua anaongea na nani, anasema kwamba yule bwana ameshapokea pesa za mwanzo kutoka kwa mtu anayetaka kulinunua shamba lile.

Wadogo wanamwita wakili huyo awe shahidi. Anaweza kuulizwa nini?

Ungamo la saini lina kinga. Limesemwa na mteja kwa wakili, faraghani, kwa ajili ya kutafuta msaada wa kisheria, na jambo lenyewe lilikuwa limeshatendeka. Wakili haruhusiwi kulitoa ila mteja aridhie kwa kauli ya wazi, kwa sababu kinga hii ni mali ya mteja. Kesi ikimalizika haimalizi kinga, na mteja akifa haifi naye. Ushauri ambao wakili alimpa, kwa mdomo au kwa barua, nao umo humo humo.

Wengi hupotoka hapa, wakadhani kwamba wakili akishajua saini ni ya kughushi anaweza kuendelea na kesi kimya kimya. Hawezi. Hana ruhusa ya kuiwasilisha mahkamani hati anayojua kuwa ni ya uongo. Mteja akishikilia, wakili hujitoa kwenye kesi, tena bila ya kueleza kwa nini. Kwa hiyo wakili akijitoa ghafla usikimbilie kusema kuwa amehongwa.

Habari ya barazani ni siri lakini haina kinga. Wakili ameipata akiwa na kazi ya mteja mkononi, basi maadili yanamkataza kuisambaza au kuitumia kwa faida yake. Lakini haikutoka kwa mteja wala haikusemwa katika kutafuta ushauri. Jaji akimwamuru ajibu, atajibu. Hapo ndipo mambo haya mawili yanapoachana: wajibu wa siri ni mpana, unachukua karibu kila kitu wakili anachokijua juu ya mteja kutoka popote, lakini unainama mbele ya amri ya mahkama. Kinga ni nyembamba, lakini haiinami.

Hati na daftari nazo? Vyote viwili vilikuwapo kabla ya mteja kubisha hodi kwa wakili. Karatasi haipati kinga kwa kuhamishwa kutoka kabatini kwako hadi kwenye jalada la wakili. Ingekuwa hivyo kila mwenye jambo la kuficha angeligeuza ofisi ya wakili kuwa ghala. Wakili akitakiwa na mahkama alete nyaraka, hawezi kukaa nyumbani akasema zina kinga. Huzileta, husimama na kutoa pingamizi, na jaji ndiye anayeamua ipi ifunguliwe na ipi irudi. Katika mfano wetu, barua ya ushauri itarudi, daftari litabaki.

Sasa geuza jambo moja tu. Tuseme mkubwa yule alikwenda kwa wakili kabla ya hati kuandikwa, akauliza iandikweje, na tarehe irudishwe nyuma kiasi gani, ili wadogo zake wasipate kitu. Mazungumzo hayo hayana kinga hata chembe, kwa sababu yamefanywa kwa ajili ya uovu unaokuja. Msingi huu ulithibitishwa Uingereza mwaka 1884 katika kesi ya Koksi na Reltoni. Hao walimwendea wakili kumuuliza namna ya kuiweka mali mbali na mtu aliyekwisha kushinda kesi dhidi ya mmoja wao, kisha wakatengeneza nyaraka za kumkwepa. Wakili wao hakujua nia yao, na ushahidi wake juu ya mazungumzo yale ulipokelewa. Kutojua kwa wakili hakumwokoi mteja. Sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo nyayo zake zilifuatwa Zanzibar wakati wa ukoloni, nayo ilitenganisha hivyo hivyo: anayesema "nimeghushi, nitetee" analindwa, anayesema "nidaie mali kwa hati hii ya kughushi" halindwi.

Kinga huvuja pia kwa uzembe. Karani wa wakili na mkalimani wamo ndani yake, lakini ami yako uliyekwenda naye ili akutie moyo hayumo. Anaweza kuitwa na kuulizwa alichokisikia. Ujumbe wa sauti uliompelekea wakili ni salama kwa wakili, lakini ukiurusha na kwenye kundi la ukoo umeutoa mwenyewe.

Neno lenyewe nalo hutuchanganya. Kwetu "wakili" ni yule wa mahkamani, na ni yule anayeozesha kwa niaba ya walii, na ni yule uliyempa uwakala akuuzie kiwanja. Kinga inamhusu wa kwanza peke yake. Sheha, imamu, au rafiki aliyesoma sheria bila ya kusajiliwa kuwa wakili, wote wanaweza kukutunzia siri kwa uungwana wao, na wote wanaweza kuamrishwa waseme.

Na kinga hufunika mazungumzo tu, tukio lenyewe haligusi. Mkubwa yule akipanda kizimbani na kuapa, hataulizwa "ulimwambia nini wakili wako?" Ataulizwa "saini hii ni ya nani?", na hapo hawezi kujibu kwamba jambo hilo ameshamwambia wakili.