Tui kukatika si tui kuchacha jamani

Juzi tena mtu hapa Kampala kamwaga sufuria nzima ya mayai ya nazi eti tui limechacha, nikamuuliza lilikuwa linanuka? Akasema hapana, mafuta tu yamepanda juu. Sasa hilo limekatika, halijachacha!

Kukatika ni mafuta kujitenga na maji, basi. Tui ni vitone vidogovidogo vya mafuta ndani ya maji, na protini ya nazi ndiyo inavizuia visiungane, moto ukiwa mkali protini inaganda na kuviachia, ndo unaona mafuta juu na chengachenga nyeupe chini. Kuchacha ni kazi ya bakteria, na hiyo utaijua hata kabla ya kuinjika, harufu ya uchachu inakupiga puani. Lililochacha mwaga, ila lililokatika linaliwa vizuri tu, sura ndo mbaya.

Na moto huohuo ndo unaokaza yai, kwa sababu ute nao ni protini, ukichemshwa sana unajikamua maji yake na kuwa kama mpira, na kiini kinazungukwa na rangi ya kijani. Kwa hiyo usichemshe mayai dakika kumi na tano halafu uyaache yatokote kwenye mchuzi nusu saa nyingine.

Chukua nazi moja na mayai sita. Hapa Kampala tuko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 za Mombasa, ndo maana yai la hapa linataka dakika moja zaidi, mi nachemsha nane halafu naliingiza kwenye maji baridi. Kamua kasimele kwanza, weka pembeni, kisha tui jepesi. Kaanga vitunguu, saumu, manjano na nyanya mbili mpaka nyanya zikauke kabisa, maana ukali wa nyanya mbichi nao unakata tui. Tia tui jepesi, hilo liache lichemke dakika kumi, mafuta yake ni machache halina shida. Hapo sasa punguza moto, kama ni sigiri toa makaa kadhaa na mengine yafukie majivu, ndo umimine kasimele huku unakoroga, usifunike. Mchuzi uwe unatetema pembeni tu, ukiona mapovu makubwa katikati ipua. Mayai yaingie hapo mwisho, dakika tano. Ndimu ukishaipua.

Tui la boksi linavumilia zaidi kwa vile mengi yametiwa vitu vya kushikanisha, sio kwamba wewe umekuwa fundi. Na likikatika, ipua, pigapiga na vijiko viwili vya kasimele mbichi, litarudi kiasi, halirudi lote. Ukiulizwa mezani we sema tui limekatika, usiseme limechacha, wageni wataacha kula bure.