Mwandikieni sababu, hatakuja na wakili

Juzi kijana wetu wa rasilimali watu kaniletea barua ile ile ya kumkatalia mwombaji kazi: "Ushindani ulikuwa mkubwa. Tunakutakia kila la heri." Nikamuuliza, sababu iko wapi? "Bosi, ukiandika sababu atarudi na wakili." Wimbo huu nimeusikia tangu ofisi iko Kariakoo, na Mikocheni umetufuata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi, na mwombaji kazi naye inamkinga: kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa na mengineyo. Kama sababu yako imo humo, kuificha kwenye barua hakukusaidii. Kama haimo, iandike.

Tulikuwa tunatafuta mhasibu mwandamizi. Dada mmoja akashika nafasi ya pili. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki alikumaliza bila kosa. Kisha tukamuuliza: mkurugenzi anaona faida kwenye vitabu lakini benki hakuna hela, utamwambia nini? Akaeleza hesabu, vizuri tu, akaishia hapo. Aliyeshinda alitaja wateja wanaodaiwa, wamechelewa siku ngapi, na nani awafuate. Basi barua ikawa hivi:

"Ndugu, nafasi hii tumempa mwombaji mwingine. Zoezi la benki ulilifanya bila kosa. Mwenzako alikuzidi kwenye swali la faida na fedha: ulieleza hesabu sahihi, yeye akaongeza hatua za kukusanya madeni. Ukitaka ufafanuzi, nipigie."

Jibu liko sentensi ya kwanza. Mkianza na sifa mistari mitano, msomaji anatafuta "lakini" tu, na sifa zote zinaonekana rushwa. Sababu ni moja, jopo zima limeiona kwenye usaili, na anaweza kuifanyia kazi. "Hakujiamini" siyo sababu, hayo ni maoni yenu juu ya roho ya mtu. Na ile "huna uzoefu wa kutosha" inanichefua kuliko zote: miaka yake mliisoma kwenye wasifu kabla ya kumwita, mkamlipisha nauli kutoka Mbagala aje kuambiwa alichokiandika mwenyewe! Pia futeni "tutahifadhi maombi yako". Hilo faili nioneshwe.

Sasa niseme yanayonisumbua. Wale wawili walipishana alama 3 kati ya 100. Jopo lingine, au sisi wenyewe asubuhi badala ya saa tisa na joto lile, pengine tungemchukua yule dada. Kwa hiyo siku hizi naandika kwamba mlikaribiana sana, lakini pale tu ilipokuwa kweli.

Na barua siitumi mpaka wa kwanza asaini mkataba, maana akikataa nampigia wa pili. Safari hii alichukua siku tisa. Siku ya sita yule dada alipiga simu kuulizia, nikamwambia ukweli: wewe ni wa pili, tunasubiri. Kijana wangu alishika kichwa.