Asilimia 18 haijashinda 13 mpaka uniambie mfuko umeyumba kiasi gani

Wiki hii tena nimetumiwa skrinshoti ya mifuko ya uwekezaji imepangwa kwa mapato ya mwaka, wa kwanza juu wa mwisho chini, na swali ni lilelile, "huu wa juu ndio bora eti?" Jamani, hapana. Orodha ya hivyo inakuambia nani alibeba hatari kubwa kwenye mwaka ambao soko lilipanda, basi.

Chukua namba, zote ni asilimia kwa mwaka, nimezitunga mimi ili hesabu ikae vizuri. Dhamana za serikali za muda mfupi zinalipa 8. Faharisi ya soko la hisa imetoa 14 na imeyumba 15, yaani mkengeuko sanifu wa mapato ya kila mwezi ukazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 12 ili uwe wa mwaka. Mfuko A umetoa 18 ukayumba 25. Mfuko B umetoa 13 ukayumba 8. Kila mtu anakimbilia A.

Sasa mwaka 1997 Franco Modigliani na mjukuu wake Leah walipendekeza kipimo ambacho siku hizi tunakiita M2, na wazo lake ni rahisi sana, kila mfuko uchanganye na dhamana za serikali mpaka uyumbe sawasawa na soko, halafu ndiyo uangalie umetoa ngapi. Rf ni mapato ya dhamana, Rp ni mapato ya mfuko, SDm ni kuyumba kwa soko na SDp ni kuyumba kwa mfuko.

```
M2 = Rf + (Rp - Rf) * (SDm / SDp)
```

A ni 8 + 10 × 15/25, jibu 14. Kumi na nne! Ni ileile ya faharisi. Ukitaka kuona kwa macho, weka 60 kwenye A na 40 kwenye dhamana, 10.8 jumlisha 3.2. Meneja wa A hajaongeza kitu, amebeba hatari zaidi tu na wewe umemlipa ada. B ni 8 + 5 × 15/8, inakuja kama 17.4. Ukipanga kwa uwiano wa Sharpe, yaani mapato yaliyozidi dhamana ukiyagawanya kwa kuyumba, mpangilio ni uleule, ila Sharpe atakuambia 0.4 na 0.625 na mteja anabaki anakutolea macho, wakati 17.4 dhidi ya 14 ni asilimia, anaielewa papo hapo.

Hapa ndipo wenzangu wengi wanapoishia na ndipo mimi ninapokereka. Kumshusha A ni rahisi, mtu yeyote anaweza kutoa hela kidogo akanunua dhamana. Lakini B unamshushaje? Humshushi, unampandisha, na kumpandisha maana yake ukope. Kwa kila 100 yako unakopa 87.5 unaweka yote B, na hesabu inachukulia unakopa kwa 8, riba ya serikali! Nani anakukopesha kwa bei ya serikali? Tuseme umepata kwa 15. B anakupa 24.4 kwenye 187.5 yako yote, unalipa riba 13.1, unabaki na 11.3 hivi. Chini ya faharisi. Yule mshindi wa 17.4 amepotea kabisa na hakuna kilichobadilika isipokuwa riba ya mkopo.

Je B ni mbaya? Si mbaya. Washushe wote mpaka kuyumba kwa 8, hapo hakuna anayekopa, A anatoa 11.2, faharisi 11.2, B anabaki na 13 yake. Kwa mtu anayetaka utulivu wa kiwango hicho B ameshinda kihalali. Kwa anayetaka kubeba hatari ya soko zima na hana mkopo wa bei chee, ile 17.4 haifikiki, na sioni kwa nini tunamwonyesha bila kumwambia. Mimi siku hizi nikimpigia mteja M2 ya mfuko uliotulia kuliko soko naandika pembeni umekopeshwa kwa riba gani, na sina uhakika kama hata hilo linatosha.

La mwisho haraka, usipige M2 kwenye mfuko wa soko la fedha. Ule unaongeza riba kila siku kidogo kidogo, bei haipimwi sokoni, kwa hiyo kuyumba ni karibu na sifuri. Mfuko uliotoa 9 ukayumba 0.3 utakupa M2 ya 58. Hiyo namba haina maana yoyote, na hatari ya aliyekopeshwa kushindwa kulipa bado imo humo ndani, haijaonekana tu. Dalili yake ni mapato ya miezi yanayofanana mwezi hadi mwezi bila hata mmoja wa hasara. Tahadhari hiyohiyo kwa mifuko ya majengo inayothaminishwa mara moja kwa mwaka, hapo bei inasubiri mthamini, na ukichukua kuyumba kwake ukaweka kwenye fomula unakuwa umepima ratiba ya mthamini.